Kwa Nini Simu Haina Bendera ya Zanzibar

Fungua kibodi ya emoji kwenye simu, shuka mpaka kwenye bendera, kisha itafute ya Zanzibar. Huioni. Mayotte ipo, kisiwa cha Bahari ya Hindi kilicho sehemu ya Ufaransa, chenye watu wasiofika nusu milioni. Kwenye simu zilizosasishwa karibuni utaikuta hata Sark, kisiwa kidogo kilichoko kati ya Uingereza na Ufaransa, ambacho wakazi wake ni kama mia tano tu. Zanzibar, yenye watu karibu milioni 1.9 kwa sensa ya 2022, yenye Rais wake, Baraza lake la Wawakilishi na bendera yake rasmi tangu Januari 2005, haimo.

Maelezo yanayotolewa harakaharaka ni kwamba Zanzibar haina kiti Umoja wa Mataifa. Ni kweli haina, lakini hoja hiyo haifiki mbali. Mayotte nayo haina, Sark haina, na Uskoti, ambayo bendera yake imo kwenye simu nyingi za leo, haina vilevile. Wengine husema ni dharau ya kampuni kubwa za Marekani. Mimi naona jambo lenyewe ni la kimakaratasi zaidi kuliko hivyo. Kinachoamua ni orodha mbili tatu za misimbo, na baadhi yake zilitungwa kwa kazi nyingine kabisa, kabla mtu hajaota kwamba siku moja watu watatumiana bendera kwenye ujumbe. Ukizipitia orodha hizo moja baada ya nyingine utapaona mahali hasa bendera ya Zanzibar inapokwama, na utaona pia kwamba ile ya Mombasa inakwama mahali pengine.

Tuanzie kwenye bendera za nchi, maana ndiko utaratibu ulikoanzia. Wengi hudhani kila bendera ni alama moja iliyopewa namba yake, kama ilivyo emoji ya embe au ya ndizi. Sivyo. Shirika la Unicode, ambalo ndilo linalogawa namba kwa kila herufi iandikwayo kwenye kompyuta na simu, halikutaka kugawa namba kwa bendera moja moja. Nchi huzaliwa, hugawanyika, hubadili bendera, ilhali kanuni ya Unicode ni kwamba herufi ikishapewa namba haifutwi tena. Kwa hiyo mwaka 2010 shirika hilo liliongeza herufi maalumu 26, kuanzia A mpaka Z, ambazo hazina kazi nyingine ila kutaja nchi. Ukiweka T maalumu na Z maalumu zikafuatana, simu huzisoma pamoja na kuchora bendera ya Tanzania. K na E ni Kenya, C na D ni Kongo ya Kinshasa. Sudan Kusini ilipopewa msimbo wa SS mwaka 2011, Unicode haikulazimika kuongeza hata herufi moja. Kilichobaki ni wachoraji wa fonti kuchora picha.

Herufi hizo mbili mbili hazikutungwa na Unicode. Zinatoka kwenye orodha ya ISO 3166-1, ileile inayotumika kwenye anwani za tovuti zinazoishia na .tz au .ke. Hapo ndipo Mayotte ilipopitia: ina msimbo wake, YT, ingawa kisiasa ni idara ya Ufaransa. Sark nayo ilihifadhiwa msimbo wa CQ kwa ombi la Uingereza, na bendera yake ikaingia kwenye toleo la emoji la 2024. Msimbo ulitangulia, bendera ikafuata. Unicode haikuulizwa kama Sark ni nchi, na kwa hakika isingependa kuulizwa. Utaratibu mzima umejengwa ili shirika hilo lisiwe mwamuzi wa nani ni nchi na nani si nchi.

Mahali pasipo na msimbo wa herufi mbili panahitaji njia nyingine, na njia hiyo ndiyo kiini cha makala haya. ISO ina orodha ya pili, 3166-2, inayotaja sehemu zilizo ndani ya nchi: mikoa, majimbo, kaunti, wilaya. Ina misimbo kama elfu tano. Uskoti ni GB-SCT, jimbo la Texas ni US-TX, Kaskazini Unguja ni TZ-07. Herufi mbili maalumu haziwezi kuandika hayo yote, kwa hiyo wataalamu walirudi kwenye ghala na kuchukua kitu kilichokuwa kimetupwa.

Kitu hicho ni herufi za lebo. Ziliingizwa kwenye Unicode mwaka 2001, zikiwa nakala zisizoonekana za herufi za Kilatini, tarakimu na alama za kawaida. Lengo lilikuwa kuificha ndani ya maandishi taarifa ya lugha, ili kompyuta ijue kwamba sentensi hii ni ya Kijapani na ile ni ya Kichina, kwani alama moja yaweza kuchorwa kwa namna mbili katika lugha hizo. Hata siku zilipozaliwa watu walionywa wasizitumie ovyo, na karibu hakuna aliyezitumia, maana kurasa za mtandao zilikwisha kuwa na namna yao ya kutaja lugha. Baada ya miaka michache Unicode ikatangaza kwamba zimeachwa. Lakini kwa kuwa herufi haifutwi, zilibaki palepale, hazionekani na hazina kazi, mpaka katikati ya miaka ya 2010 zilipofufuliwa kwa ajili ya bendera.

Namba zake ni rahisi kukisia. Chukua namba ya herufi ya kawaida na uiongezee E0000 kwa hesabu ya msingi wa kumi na sita. Herufi ndogo g ni 67, kwa hiyo lebo yake ni E0067. Bendera ya Uskoti huandikwa kwa kuanza na emoji ya bendera nyeusi inayopepea, kisha lebo za msimbo kwa herufi ndogo na bila kistari, kisha lebo moja ya kufungia:

```
U+1F3F4   bendera nyeusi
U+E0067   g
U+E0062   b
U+E0073   s
U+E0063   c
U+E0074   t
U+E007F   kufungia
```

Ni herufi saba, na msomaji huona moja. Bendera nyeusi ndiyo pekee yenye umbo, na zilizobaki ni maandishi yasiyoonekana yanayoiambia simu ni bendera ipi iliyokusudiwa. Mwenye Python anaweza kujiundia yoyote anayotaka kwa mistari michache:

```python
def bendera(msimbo):
    lebo = "".join(chr(0xE0000 + ord(h)) for h in msimbo)
    return "\U0001F3F4" + lebo + "\U000E007F"

print(bendera("gbsct"), len(bendera("gbsct")))
print(bendera("tz07"), len(bendera("tz07")))
```

Mstari wa kwanza utatoa bendera ya Uskoti, msalaba mweupe juu ya buluu, pamoja na namba 7, ikiwa fonti ya kifaa chako inaijua. Mstari wa pili utatoa bendera nyeusi na namba 6. Tazama vizuri hapo. Mfuatano wa tz07 haujakosewa. Kaskazini Unguja imo kwenye orodha ya ISO, msimbo umeandikwa kama kanuni inavyotaka, lebo ya kufungia ipo. Kwa lugha ya Unicode huo ni mfuatano halali. Umeandika bendera sahihi ambayo hakuna aliyeichora.

Ili kuelewa kwa nini inatokea nyeusi, na si alama ya kosa, inabidi kuangalia kazi ya fonti. Ndani ya fonti ya emoji kuna jedwali la kubadilisha: ukikutana na herufi hizi zikifuatana hivi, ondoa zote uweke picha fulani. Programu inayopanga maandishi kwenye skrini hulipitia jedwali hilo kila inapokutana na mfuatano. Ikiukuta wa gbsct, huweka picha ya Uskoti. Isipoukuta wa tz07, huchora kila herufi peke yake, na kwa kuwa lebo zimetangazwa kuwa ni za kupuuzwa pale zisipoeleweka, hazichorwi kabisa. Kinachosalia ni bendera nyeusi. Waliobuni utaratibu huu waliona ni heri msomaji aone bendera fulani kuliko aone visanduku saba vitupu.

Mimi sina hakika kama ulikuwa uamuzi mzuri. Kisanduku kitupu humwambia msomaji wazi kwamba kuna kitu hakikufika. Bendera nyeusi ina maana zake: maombolezo, maharamia, au makundi yenye silaha ambayo hakuna mtu anayetaka kuhusishwa nayo. Mtu aliyeandika salamu njema akaweka bendera ya kwao mwishoni anaweza kuonekana na mpokeaji kama ameleta tishio, na hakuna upande unaojua kilichotokea.

Kosa la namna hii lina sababu zaidi ya moja, na zote kwa macho zinafanana. Njia ya kuzitenganisha ni kuhesabu. Nakili ile bendera nyeusi uiweke kwenye Python, au kwenye zana yoyote inayoonyesha namba za herufi, na utazame ziko ngapi. Ukipata moja tu, lebo zimeondolewa njiani. Hilo hutokea kwenye mifumo inayosafisha maandishi kabla ya kuyahifadhi. Waendeshaji wake wanajua kwamba herufi zisizoonekana zinaweza kubeba maneno ya siri ndani ya ujumbe unaoonekana hauna neno, kwa hiyo wanazifagia zote, na bendera huenda nazo. Ukipata tano au sita pale ulipotarajia saba, ujumbe umekatwa katikati, mara nyingi na sehemu yenye ukomo wa urefu kama vile jina la mtumiaji. Ukipata saba au nane, tazama kama ni herufi ndogo na hazina kistari. Wapo wanaoandika GB-SCT kwa herufi kubwa na kistari chake kama ilivyo kwenye karatasi za ISO, na mfuatano huo si halali. Zikiwa saba, ndogo, na zimefungwa vizuri, hapo ndipo unaweza kusema kwa uhakika kwamba tatizo ni fonti.

Urefu huu wa siri una gharama yake kwa wanaotuma ujumbe mfupi wa kawaida. Ujumbe wa kawaida hubeba herufi 160, lakini ukiingiza emoji moja tu, mtandao hubadili namna ya kuandika na ukomo hushuka hadi nafasi 70. Bendera ya Tanzania hula nafasi 4. Bendera ya Uskoti hula 14, kwa sababu kila moja ya zile herufi saba inahitaji nafasi mbili. Bendera tano za Uskoti zinaujaza ujumbe mzima, hakuna nafasi ya kuandika hata jina.

Sasa swali la wachoraji. Misimbo ni kama elfu tano, yote ikiwa halali, na hakuna kanuni inayomzuia mtengenezaji wa simu kuichora yote. Lakini bendera zinazoonekana karibu kila mahali ni tatu: England, yaani ile ya msalaba mwekundu wa Mtakatifu George, Uskoti na Welisi. Pendekezo lake lilipelekwa mwaka 2016 na Owen Williams wa BBC Wales pamoja na Jeremy Burge wa Emojipedia, na mwaka 2017 zikaingia kwenye toleo la tano la emoji. Kilichozipa uhai ni kwamba Unicode iliziweka kwenye orodha yake ya tatu, ambayo watu wa nje hawaijui sana: orodha ya mifuatano inayopendekezwa kwa matumizi ya wote. Watengenezaji wa simu huichukua orodha hiyo kama mkataba. Kilichomo wanakichora, nacho kinaingia kwenye kibodi. Kisichomo hawakigusi, hata kama ni halali.

Tofauti hii kati ya halali na inayopendekezwa ndiyo inayowachanganya watu wanaoandika malalamiko kwamba eneo lao halijaingizwa Unicode. Mara nyingi limekwisha kuingizwa, kwa maana ya kwamba linaweza kuandikwa. Lililobaki ni mduara usiokuwa na mwanzo. Mtengenezaji hachori kwa sababu wengine hawajachora, na bendera itakayoonekana kwenye simu zake peke yake itawafikia wateja wa wenzake ikiwa nyeusi. Mtumiaji hawezi kuiandika kwa sababu kibodi huonyesha zilizochorwa tu. Kwa kuwa haandiki, takwimu za matumizi hubaki sifuri, na takwimu sifuri humwambia mtengenezaji kwamba hakuna anayeihitaji.

WhatsApp iliwahi kuuvunja mduara huo kwa bendera moja: iliichora Texas kwenye emoji zake yenyewe, nje ya orodha inayopendekezwa. Matokeo yake yanaonyesha kwa nini wengine hawakufuata. WhatsApp hutumia picha zake kwenye Android, lakini kwenye iPhone huchukua zile za Apple. Kwa hiyo Mtexas mwenye Android anaiona nyota yake moja vizuri ndani ya mazungumzo, na nduguye mwenye iPhone anapokea bendera nyeusi. Wote wawili wanatumia programu ileile.

Kuna pia suala la wingi. Emoji zote zinazopendekezwa leo, nyuso, wanyama, vyakula na bendera pamoja, hazifiki elfu nne. Kuzichora sehemu zote za orodha ya pili ya ISO kungeifanya fonti iwe zaidi ya maradufu, na nyingi kati ya picha hizo mpya zingekuwa za mikoa ambayo watu wake wenyewe hawana bendera. Kompyuta za Windows zimekwenda mbali zaidi upande wa pili: fonti ya Microsoft haichori hata bendera za nchi. Ya Tanzania hutokea kama herufi TZ tu, isipokuwa ukitumia Firefox, ambayo huja na fonti yake ya emoji.

Halafu mwezi Machi 2022 mlango wa mapendekezo ukafungwa. Kamati ya emoji ya Unicode ilitangaza kwamba haitapokea tena mapendekezo ya bendera za aina yoyote. Sababu walizozitoa ni za watu waliochoka: bendera ni kundi kubwa kuliko mengine kwa idadi na dogo kuliko mengine kwa matumizi, kila inayoongezwa huzua swali la kwa nini ya jirani haimo, na kilichoongezwa hakiondoki. Bendera mpya za nchi zitaendelea kuingia kupitia misimbo ya ISO, kama Sark ilivyoingia. Kwa mikoa na majimbo, orodha imebaki na zile tatu.

Ireland Kaskazini inaonyesha ni kwa nini hata wenye nia njema walisita. Ina msimbo, GB-NIR, na mfuatano wa gbnir ni halali kama wa ndugu zake watatu. Lakini ungechora nini? Bendera ya zamani yenye mkono mwekundu ilikuwa ya serikali iliyovunjwa mwaka 1972. Tangu hapo eneo hilo halina bendera yake rasmi, na ile ya zamani, ingawa timu ya mpira bado huitumia, kwa nusu ya wakazi ni ya upande mmoja. Msimbo unasema mahali ni wapi. Hausemi bendera yake ni ipi, na hapo mchoraji wa fonti aliyeko California anaachiwa uamuzi ambao wanasiasa wa Belfast hawajaumaliza.

Ukirudi kwetu na kuyapanga haya, Afrika Mashariki ina mifano mitatu ambayo kila mmoja unakwama kwa namna yake. Mikoa ya Tanzania Bara ina misimbo, kuanzia TZ-01 ya Arusha, lakini haina bendera. Mfuatano wa tz01 ni halali na hauna cha kuchorwa. Huko hakuna aliyekosa kitu.

Kaunti za Kenya zina vyote viwili. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inazitaka ziwe na bendera na nembo zake, na ISO imezipa misimbo 47. Mombasa ni KE-28, kwa hiyo ke28 ni mfuatano halali wa bendera iliyopo kweli. Kinachokosekana ni fonti na pendekezo, basi. Ila kuna mtego mdogo wa namba. Serikali ya Kenya yenyewe huihesabu Mombasa kuwa kaunti 001 na Nairobi 047, wakati ISO imezipanga kwa alfabeti, Mombasa ikawa 28 na Nairobi 30. Mkenya anayejiandikia programu na kuamini namba za nyumbani atapeleka ke01, na kwa ISO hiyo ni Baringo. Tena misimbo yenyewe si ya kudumu. Kabla ya 2014 orodha hiyo ilikuwa bado ina mikoa ya zamani, na Pwani ilikuwa KE-300. Kama kuna mtu angeichora bendera kwa msimbo ule, leo ingekuwa bendera ya mkoa ambao haupo.

Zanzibar ni kinyume cha Tanzania Bara: ina bendera, na msimbo haina. Huu ndio ugumu ambao watu wengi hawaujui. Orodha ya ISO ya Tanzania ina mikoa 31 tu, yote ya ngazi moja. Visiwani imo mitano: Kaskazini Pemba 06, Kaskazini Unguja 07, Kusini Pemba 10, Kusini Unguja 11 na Mjini Magharibi 15. Zanzibar kama kitu kimoja haijatajwa popote. Unaweza kuziandika Wete na Chake kwa kupitia mikoa yake, lakini hakuna herufi za lebo unazoweza kuzipanga zikasomeka Zanzibar. Mwaka 2017, mwaka uleule bendera ya Uskoti ilipoingia kwenye emoji, Zanzibar Heroes walifika fainali ya CECAFA kule Machakos na kufungwa na Kenya kwa penalti. Kenya ilikuwa na K na E zake. Zanzibar haikuwa hata na bendera nyeusi ya kutuma, maana bendera nyeusi nayo inahitaji msimbo wa kuificha ndani yake.

Utaratibu wa ISO haukatazi jambo hili kurekebishwa. Orodha ya Uingereza ina ngazi mbili: juu kuna England, Uskoti, Welisi na Ireland Kaskazini, na chini yake kuna kaunti na halmashauri, kila moja na msimbo wake. Tanzania ingeweza kuandikwa vivyo hivyo, Zanzibar ikawekwa juu ya ile mikoa mitano. Mabadiliko ya namna hiyo hufuata taarifa zinazotoka kwa nchi husika, kwa hiyo hatua ya kwanza iko Dodoma na Unguja zaidi kuliko iko California. Siku msimbo ukipatikana na kuingia kwenye data ya Unicode, mfuatano utakuwa halali bila kumwomba mtu wa emoji ruhusa. Zanzibar itakuwa imefika pale Mombasa ilipo sasa, yaani inaandikika ila haichorwi.

Kwa mwenye ukurasa wa klabu au gazeti anayetaka bendera hiyo leo, njia iliyo salama ni picha ya kawaida, au stika kwenye WhatsApp, na picha iwe na maelezo yake ya maandishi ili wasioona, wanaosomewa ukurasa na simu, wasikie ni bendera ya Zanzibar. Wapo wanaofikiria kujitengenezea fonti na kubuni msimbo wao, tuseme tzznz, kisha kuuchora ndani yake. Kwenye ukurasa wao itaonekana vizuri. Fonti iitwayo BabelStone Flags, ambayo ina bendera nyingi za mikoa na majimbo ya dunia, hufanya kazi kwa njia hiyohiyo, ila yenyewe hutumia misimbo halali. Tatizo la msimbo wa kubuni ni pale msomaji anaponakili sentensi na kuipeleka kwingine: anabeba bendera nyeusi yenye jina ambalo hakuna orodha inayolijua. Na ISO ikija kutoa msimbo tofauti, kila ukurasa ulioandikwa kwa ule wa kubuni itabidi utafutwe na kurekebishwa, herufi moja moja, wakati herufi zenyewe hazionekani.